Mshahara wa dada wa kazi anayelala nyumbani: njia mbili za kuupanga

Nilipokuwa nikipanga mshahara wa msaidizi wetu hapa Dar es Salaam, nililinganisha njia mbili kwa hesabu ya mwaka mzima.

Njia ya kwanza ndiyo iliyozoeleka: shilingi 120,000 mkononi, kula na kulala kwa mwajiri, na mwezi anaokwenda kwao halipwi. Mwajiri hutumia 1,320,000 kwa miezi 11, na msaidizi hawekewi akiba yoyote.

Njia ya pili ni mshahara wa 150,000 wenye mchango wa NSSF, ambapo 15,000 hukatwa kwake na mwajiri huongeza 15,000, huku likizo ya siku 28 inayotakiwa na sheria ya kazi ikilipwa kamili. Gharama ni 165,000 kwa mwezi, yaani 1,980,000 kwa mwaka; yeye hupokea 135,000 kila mwezi, na 360,000 huingia kwenye akaunti yake ya NSSF.

Tofauti ya 660,000 ni sawa na 55,000 kwa mwezi, nami naiona ni halali yake, kwa kuwa zaidi ya nusu yake ni akiba yake ya NSSF, na iliyobaki humfikia mkononi, yakiwemo malipo ya ile likizo aliyokuwa halipwi.

Chakula sikukiingiza popote, kwa sababu sufuria ya ugali ni ileile na anayelala kazini hana nafasi ya kujipikia. Msaidizi anayekatwa makato ya NSSF aombe taarifa ya michango kila baada ya miezi michache, aisome pamoja na mwajiri, maana fedha iliyokatwa isipopelekwa huonekana hapo tu.