Wiki nane za kurudisha chakula baada ya kupunguza mwili: uzoefu wangu na mshauri wa lishe hapa Mombasa

Nilipofika kilo 71.8 kutoka kilo 84, nilikuwa nakula kalori 1,500 kwa siku na sikujua namna ya kuacha. Miaka miwili nyuma nilipunguza vivyo hivyo, nikasherehekea kwa mahamri na biriani, na baada ya miezi mitatu suruali za zamani zikanihitaji tena. Safari hii nililipa shilingi 6,000 kwa mshauri wa lishe mwenye ofisi upande wa Tudor, ili anisimamie wiki nane za kurudisha chakula hadi kiwango ambacho uzito hausogei.

Nianze na lawama. Mpango wake wa awali uliniongezea kalori 50 tu kila wiki, kwa maelezo kwamba mwili hauna budi kuzoeshwa polepole ili uchomaji wake ufufuke. Kwa wiki mbili nilibaki na njaa ileile, na wastani wa uzito ukaendelea kushuka hadi 71.2, ingawa nilikuwa nimekwisha kusema kwamba sitaki kupungua tena. Nilichukua kalamu. Mwishoni mwa kupunguza nilikuwa nikipoteza takriban kilo 0.4 kwa wiki, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa kalori 7,700, upungufu wangu ulikuwa kama 440 kwa siku. Maana yake ni kwamba kiwango changu cha kutosogea kilikuwa karibu 1,940, na kwa hatua za 50 ningekifikia baada ya wiki tisa, zote zikiwa za njaa. Nilipomwonyesha hesabu hiyo, aliitazama kwa muda, akasema, “Haya, kaka yangu, tuongeze 200 kwa mkupuo, lakini ukiona mizani imeruka usinipigie simu usiku.”

Nyongeza hiyo ilikuwa gramu 150 za wali mweupe uliopikwa, zilizopimwa kwenye mizani ya jikoni. Wali wa nazi alinikataza kwa muda, kwa sababu tui hubadilika uzito kutoka mpishi hadi mpishi na mafuta yake hayaonekani kwa macho.

Mizani iliruka kweli. Siku ya nne nilikuwa nimeongezeka zaidi ya kilo moja, nami nikataka kurudi 1,500 mara moja. Hapa ndipo mshauri alipostahili malipo yake. Alinieleza kwamba wanga ukirejea, misuli huuhifadhi tena kama akiba iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hushika takriban gramu tatu za maji. Juu ya hayo, tumbo lenyewe lina chakula kingi zaidi. Ili kilo moja hiyo iwe mafuta, ningepaswa kula kalori 7,700 za ziada kwa siku nne, ilhali hata kiwango cha kutosogea sikuwa nimekifikia.

Kanuni yake ilikuwa kujipima kila alfajiri, baada ya choo na kabla ya kunywa chochote, kisha kulinganisha wastani wa siku saba na wastani wa wiki iliyotangulia. Bila hivyo, Jumamosi ingenitisha kila mara, kwa kuwa chumvi ya biriani ya Ijumaa hushikilia maji hadi Jumatatu. Wastani wangu ulipanda hadi 72.1, kisha 72.4 nilipofika kalori 1,950, kisha ukasimama kwenye 72.5 kwa wiki mbili nilipokuwa nikila 2,050. Kusimama huko ndiko kulikonithibitishia kwamba kilichoongezeka hapo mwanzo kilikuwa zaidi maji.

Nilitulia kwenye 2,050 badala ya 1,940, na sidhani kwamba kuna kilichofufuka kimiujiza. Wakati wa njaa nilikuwa nikishuka kivukoni Likoni na kupanda tuktuk moja kwa moja; nguvu ziliporudi nilianza kutembea bila kuamua, na matembezi nayo hula kalori.

Wiki mbili za mwisho tulijaribu 2,150. Wastani ulipanda kilo 0.1 kila wiki, tofauti ndogo mno kuamulia lolote, na mshauri alifunga faili akiniambia nimefaulu. Alipaswa kunionya niendelee kutazama. Niliendelea peke yangu wiki nne zaidi, na kila wiki ulipanda vilevile hadi 73.1, huku utepe wa kiunoni ukiongeza sentimita moja. Maji hayapandi kwa mwendo huo wa taratibu wiki sita mfululizo, kwa hiyo nilirudi 2,050, na wali wa nazi nauacha kuwa wa Jumapili.

Ningemlipa tena kwa ajili ya kusomewa mizani, ila hesabu ya kuanzia ningekwenda nayo mwenyewe.