Ruta ya antena nne: nilichopata na nilichokosa

Ruta hii niliinunua Kampala kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa kwenye boksi: Beamforming na MU-MIMO. Muuzaji alinihakikishia, "Mzee, hii inamulika simu yako kama tochi, na inahudumia watu wote kwa mpigo." Nyumba yetu iko Kira, kuta za matofali ya kuchoma, na uani kuna chumba anachokaa shemeji yangu. Kilio chake ndicho kilichonipeleka dukani, maana waifai ilikuwa haimfikii.

Siku ya tatu akaja kuniuliza, "Shemeji, hiyo ruta mpya umeshaiwasha?"

Nikaamua kupima mwenyewe. Kompyuta ya mezani niliiunga kwenye ruta kwa waya na kuwasha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kisha nikazunguka nyumba nzima na laptopu nikiandika:

```
iperf3 -c 192.168.0.10 -R -t 30
```

Kipimo hiki hakigusi intaneti kabisa. Kinapima njia ya hewani kati ya ruta na laptopu, na hiyo `-R` inafanya data itoke upande wa ruta kuja kwangu. Sebuleni nilipata kama megabiti 510 kwa sekunde, Beamforming ikiwa imewashwa au imezimwa. Chumbani, ukuta mmoja katikati, ilipanda kutoka 118 hadi 147. Kwa shemeji, kuta mbili na uwanja, ilikuwa 9, na baada ya kuwasha ikawa 10.

Ukijua kazi yake, hayo hayashangazi. Tochi haimo humo. Antena zote zinatuma ujumbe uleule, ila ruta inauchelewesha kidogo kwa kila antena ili mawimbi yafike kwenye laptopu kwa pamoja na kutiana nguvu. Ili ijue icheleweshe kwa kiasi gani, inatuma kwanza ishara fupi ya majaribio, na laptopu inapima na kurudisha ripoti. Kifaa kisichojua kurudisha ripoti hiyo kinahudumiwa kama zamani. Simu kuukuu ya mama watoto, inayoshika gigahezi 2.4 tu, haikuona tofauti yoyote. Sebuleni mawimbi yalikuwa yametosha tayari, nguvu ya ziada haina pa kwenda. Uani yamechoka mno, na hata yakitiwa nguvu kidogo, laptopu bado inajibu kwa antena zake dhaifu. Faida iko pale katikati, chumba cha pili.

MU-MIMO ilinichukua jioni mbili kuielewa. Kwa kawaida ruta huhudumia kwa zamu, simu moja baada ya nyingine, upesi kiasi kwamba huoni. Simu nyingi za bei nafuu zina antena moja, kwa hiyo ruta ya antena nne ikizungumza na simu hiyo, uwezo wake mwingi umelala. MU-MIMO inazihudumia simu kadhaa kwa wakati mmoja: inayapanga mawimbi ili ya kwangu yatiane nguvu kwangu na yafutane kwako. Hilo linawezekana simu zikiwa sehemu tofauti. Simu tatu zinazoikubali, kila moja chumba chake, jumla ilitoka 190 ikafika 265. Nikawakalisha watoto kochi moja na simu zilezile: 180, chini kuliko ilipokuwa imezimwa. Ruta ilikuwa inapoteza muda kukusanya ripoti za simu ambazo haiwezi kuzitenganisha. Tena kwa ruta ya kizazi hiki, 802.11ac, ni kwa kupokea tu. Ukipakia video, simu yako inangoja zamu kama zote.

Sasa lililoniuma. Kifurushi chetu cha intaneti ni megabiti 30. Hewani ziwe 118 au 147, kinachoingia nyumbani ni 30 zilezile. Watoto wakifungua YouTube watatu na picha ikakwama, ni bomba la nje limejaa. Ruta haina la kufanya. Faida niliiona mahali pamoja tu, Jumamosi, filamu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya mezani zikitazamwa vyumba vitatu kwa wakati mmoja. Hapo data haitoki nje ya nyumba.

Kabla ya kutoa shilingi 380,000 ningeanza na jaribio la bure: kupima kasi ya intaneti ukiwa umeunganishwa kwa waya saa ya msongamano, kisha kupima kwa waifai chumbani. Zikilingana, ruta mpya haitabadilisha kitu. Nilipoitoa ruta nyuma ya televisheni na kuiweka juu ya kabati, chumbani nilipata nyongeza kubwa kuliko ya Beamforming.

Kama ruta ya sebule na vyumba vya karibu naipa nyota tatu. Shemeji nilimvutia waya wa mita 25 hadi uani, nikaiweka mwisho wake ile ruta ya zamani niliyotaka kuitupa. Anapata megabiti zote 30.