Koti la Mvua: Linalozuia Maji na Linalochelewesha Tu

Karibuni watazamaji. Leo nina makoti mawili ya mitumba kutoka soko la Memorial, Moshi, ambako wengi hununua nguo za kupandia Kilimanjaro. Yote yanateleza mkononi na muuzaji ameyaita ya mvua. Sasa nayageuza ndani nje.

Tazameni hili jeusi kwenye bega. Mshono uko wazi, uzi unaonekana, na kila tundu la sindano ni njia ya maji. Hili linastahimili manyunyu, basi. Hili la bluu limebandikwa utepe juu ya kila mshono, hadi kwenye kofia, na kitambaa chake kina utando ndani. Lebo inasema milimita 10,000, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hayajapenya. Mkanda wa begi ukikandamiza bega kwenye mvua ya saa nyingi, tofauti utaiona.

Lakini nikilimwagia maji la bluu, hayatiririki. Kitambaa cha nje kinayanywa na kuwa cheusi, hasa mabegani. Wengi hapa husema koti limekufa. Ngoja kwanza. Nakunja kitambaa kama bakuli, natia maji, chini naweka tishu kavu, nasubiri nusu saa. Tishu ni kavu! Utando ni mzima. Kilichoisha ni dawa ya juu inayoyafanya maji yawe matone. Nje ikilowa hivi, jasho halitoki. Linagandamana ndani, unahisi baridi na kudhani koti linavuja.

Mara nyingi dawa hiyo imefunikwa tu na uchafu na mabaki ya sabuni ya unga. Kilainisha nguo ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kinabaki kwenye nyuzi na kuvuta maji. Kwa hiyo funga zipu, fua kwa maji ya nyuzi 30 na sabuni ya maji isiyo na kilainishi wala bliichi, kisha suuza hadi povu liishe kabisa. Likikauka, piga pasi ya moto mdogo bila mvuke, ukiweka kitambaa chembamba katikati. Joto huiamsha dawa iliyobaki. Lebo ikiwa na alama ya pasi iliyokatwa, usithubutu.

Mwagia maji tena. Haya, bega hili matone yanabiringika kama kwenye jani la mgimbi, lakini mkononi bado yananyonywa. Hapo ndipo nanunua dawa ya kupulizia. Napulizia koti likiwa safi na bado bichi, nasubiri dakika mbili, nafuta iliyozidi kwa kitambaa, kisha nafuata maelekezo ya chupa kuhusu kukausha.

La jeusi nalo likipuliziwa litatoa matone mazuri, ila mishono itaendelea kuvuja. Na ukikuta koti ambalo ndani linabanduka magamba meupe au linanata, lirudishe kwa muuzaji. Utando umeoza, na hakuna dawa ya kuurudisha.