Mshahara uwekwe benki gani? Mwongozo kwa mtumishi aliye mbali na mji

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kwenye kijiji kimoja wilayani Tunduru. Mwaka aliotaka kukopa ili apaue nyumba yake, aliniomba nimsaidie kuchagua kati ya benki mbili. Nikamwambia asiniulize benki ipi nzuri. Achukue kaunta buku, na kwa mwezi mzima aandike kila anapogusa hela yake ya benki: ametoa wapi, kiasi gani, amekatwa kiasi gani, na nauli ilikuwa shilingi ngapi. Mwongozo huu umetokana na lile daftari. Unamfaa zaidi mtumishi wa Tanzania anayelipwa kupitia benki na anayeishi mbali na mji, ingawa mfanyabiashara naye ataokota la kwake.

Nilikwenda na vigezo vinne: mtandao wa matawi na mawakala, makato, programu ya simu, na masharti ya mkopo. Havina uzito sawa. Kwa mwenye mshahara mkopo ndio mzito kuliko vyote, kwa sababu ndio unaomfunga. Akaunti unaweza kuiacha leo. Mkopo wa miaka mitano hauachiki, na benki inayokudai haitakubali uhamishe mshahara kabla hujamaliza deni au benki nyingine haijalinunua.

Daftari lake lilionyesha hivi. Kwa mwezi alitoa fedha mara tatu na kumtumia mama hela kwenye simu mara mbili. Benki aliyokuwa nayo ilimkata 2,000 ya mwezi, 1,300 kwenye ATM na 1,500 kila alipotuma, jumla 6,300 kama angefunga safari moja tu na kutoa zote kwa pamoja. Benki ya pili haikuwa na makato ya mwezi, lakini kutoa kwa wakala wa kijijini kulikuwa 2,500 kila mara na kutuma 2,000. Mara tatu na mara mbili, jumla 11,500. Kwenye karatasi benki ya kwanza ilikuwa nafuu karibu nusu. Tatizo ATM yake ilikuwa Tunduru mjini, na bodaboda kwenda na kurudi ni 20,000. Gharama halisi ikawa 26,300, na siku nzima imekwenda. Wakala alikuwa duka la tatu kutoka shuleni.

Kwa hiyo usihesabu matawi ya nchi nzima. Hesabu mawakala unaowafikia kwa miguu, kisha nenda siku mishahara inapotoka uone kama wana fedha. Hapo ndipo wengi hukwama: wakala yupo na mashine ipo, ila taslimu imeisha saa nne asubuhi kwa sababu walimu na wauguzi wote wamemfuata yeye. Kijiji chenye mawakala wawili wa benki moja kina thamani kuliko chenye mmoja mmoja wa benki nne. Muulize pia kiwango cha juu anachoruhusiwa kukupa kwa mara moja, maana ukilazimika kugawanya kiasi kimoja mara mbili utakatwa mara mbili. Na unaposoma jedwali la ada, hakikisha kama VAT ya asilimia 18 imo ndani au inaongezwa juu.

Programu ya simu ijaribu ukiwa mahali unapoishi. Mjini kila programu ni nzuri. Kijijini angalia kama menyu ya simu isiyohitaji bando inafanya kazi zilezile: NMB ni *150*66#, CRDB ni *150*03#. Mimi huangalia mambo mawili tu. La kwanza, je, salio la mkopo na ratiba ya marejesho vinaonekana humo, au mpaka uende tawini kuomba karatasi? La pili, muamala ukikwama hela inarudi baada ya muda gani? Hilo la pili hutalisoma kwenye tangazo lolote. Muulize anayetumia benki hiyo akueleze mara ya mwisho ilivyomtokea.

Sasa mkopo. Mdogo wangu alihitaji milioni 6 za mbao na mabati, alipe kwa miezi 24. Taasisi moja ilimwambia riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Benki ikamwambia asilimia 17. Alikuwa ameshashika kalamu asaini kule kwa 12.

Nilimwomba anipigie picha ya ratiba ya marejesho ya kila mmoja. Ile ya asilimia 12 ilikuwa riba isiyopungua: inahesabiwa juu ya milioni 6 kamili mwaka wa kwanza, na juu ya milioni 6 hizohizo mwaka wa pili, ingawa kufikia hapo amesharudisha nusu. Riba 1,440,000, rejesho 310,000 kila mwezi. Ile ya asilimia 17 ilikuwa riba inayoshuka, yaani kila mwezi inahesabiwa juu ya deni lililobaki tu. Rejesho lilitoka kama 296,650 na riba yote takriban 1,120,000. Yenye namba kubwa ilikuwa nafuu kwa shilingi 320,000 hivi, ambazo kwake ni fundi na misumari. Ukiigeuza ile 12 iwe riba inayoshuka, ni sawa na karibu asilimia 21.6.

Usilinganishe asilimia, basi. Linganisha jumla utakayolipa kwa kiasi kilekile na miezi ileile. Kisha toa kinachokatwa siku ya kwanza. Benki ile ilitoza ada ya kuandaa mkopo asilimia 1.5 na bima asilimia 1, hivyo mkononi alipokea 5,850,000 huku akidaiwa milioni 6. Kama mabati yako yanahitaji milioni 6 kamili, lijue hilo kabla hujaweka oda.

Jambo la tatu ni kuongezewa mkopo katikati ya safari. Baada ya miezi 12 ya riba inayoshuka bado anadaiwa kama 3,250,000, zaidi ya nusu, kwa sababu marejesho ya mwanzo hubeba riba nyingi. Afisa mikopo atapiga simu wakati huohuo: “Mwalimu, una nafasi ya kuongeza.” Kinachofanyika ni kufunga deni la zamani kwa fedha za mkopo mpya, kutozwa tena ada na bima juu ya mkopo wote mpya, na kuanza upya kwenye miezi ile yenye riba nzito. Nimewaona walimu ambao kwa miaka mingi hawajawahi kufika rejesho la mwisho. Sheria ya theluthi, inayotaka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato, inakulinda usikopeshwe kupita kiasi kwa mwezi. Haikulindi usidaiwe maisha yako yote.

Kwa vigezo hivyo, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza kwa mtumishi wa wilayani ni NMB. Ilizaliwa mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa, ikarithi matawi ya wilayani, na mpaka leo huko ndiko nguvu yake ilipo. Maafisa wake wanazijua taratibu za halmashauri, kwa hiyo fomu ya mkopo haizunguki sana. Udhaifu ni foleni. Tawi la wilaya siku za mishahara linahitaji subira.

Ya pili ni CRDB, na kwa mfanyabiashara ningeipandisha iwe ya kwanza. Mtandao wake nao ni mkubwa, SimBanking imekomaa, na ina benki tanzu Burundi na Lubumbashi, jambo lenye maana kwa anayepeleka mzigo kupitia Kigoma au Tunduma. Asiyetaka riba atakuta humo dirisha la Al Barakah. Ukikuta mawakala wake kijijini kwako ni wengi kuliko wa NMB, geuza nafasi hizi mbili bila kusita. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti ya kutembea dakika tano na kupanda pikipiki saa moja.

Ya tatu ni TCB, iliyokuwa Benki ya Posta. Naiweka hapa hasa kwa mzazi aliyestaafu, kwa kuwa ina uzoefu wa siku nyingi na mikopo ya wastaafu.

Ya nne ni NBC, nzuri kwa anayeishi mjini na mwenye biashara, lakini ukitoka makao makuu ya mkoa matawi hupungua.

Kwa aliye Unguja au Pemba orodha hii haimhusu: PBZ ndiyo ya kwanza kwake. Asiyetaka riba na anayeishi mjini aitazame pia Amana, ambayo yote inaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu. Badala ya kukukopesha fedha, inaweza kununua bidhaa na kukuuzia kwa faida mliyokubaliana. Hapo pia angalia jumla utakayolipa.

Benki ndogo kama Mkombozi, Akiba na Mwanga Hakika nazipa nafasi ya akaunti ya pili. Meneja wake anakujua kwa jina, na kwenye mkopo wa biashara ndogo hilo lina uzito. Zilizo kwenye mtandao wa UmojaSwitch hukuwezesha kutumia ATM za wenzao. Ila usiweke humo akiba yako yote: Bodi ya Bima ya Amana hulipa mwisho shilingi milioni 7.5 kwa mteja katika kila benki ikifungwa. Kinachozidi hapo unasubiri ufilisi.

Mdogo wangu alihamia benki yenye wakala jirani, ambayo ndiyo iliyompa ile asilimia 17. Kabla ya kuhama alidai vitu vitatu kwa maandishi: ratiba ya marejesho yenye jumla chini yake, barua ya kutodaiwa kutoka benki ya zamani, na kifungu kinachosema akilipa deni lote mapema atatozwa nini. Cha tatu kilimchukua wiki mbili kukipata. Afisa alirudia kumwambia “hakuna shida”, naye akarudia kuomba kifungu. Hatimaye kilikuja: asilimia fulani ya deni lililobaki. Alikaa nacho jioni moja, akapiga hesabu ya kulipa mapema kwa mavuno ya korosho, akaona bado kunalipa. Ndipo akasaini.