Siku ya wazi chuo cha uuguzi: mshereheshaji alimnyang'anya mhitimu kipaza sauti

Nimetulia siku kadhaa ndipo niandike, na bado nina hasira. Nilimsindikiza mdogo wangu kwenye siku ya wazi ya chuo kimoja cha uuguzi hapa Dar. Hotuba za wakubwa siziongelei, nilisinzia. Kilichoniamsha ni dada mmoja aliyemaliza diploma juzijuzi.

Alianza kwa kuuliza: lita moja ya dripu iishe kwa saa 8, unaachia matone mangapi kwa dakika? Ukumbi kimya. Akaandika ubaoni: mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata kama 42. Simama na saa yako, hesabu sekunde 15. Yakidondoka 10 au 11, uko sawa.

"Hapo darasani umepata vema," akasema. Wodini mgonjwa anakunja mkono, dripu inasimama. Ndugu yake anaona imesimama, anafungua koki mpaka mwisho ili "kumsaidia", na mgonjwa ananyoosha mkono. Dada mwenyewe alirudi baada ya nusu saa akakuta chupa inakaribia kuisha. Yule mgonjwa alikuwa mtu mzima mwenye nguvu, akapona, dada akabaki na fedheha tu. Angekuwa mtoto mdogo au mzee wa moyo, maji yangemjaa mapafuni. Tangu siku hiyo, kila akipita kitandani anahesabu upya.

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Yesu wangu."

Kisha yule dada akaingia kwenye logibuku, kile kitabu ambacho kila kazi uliyoifanya wodini lazima msimamizi aisaini. Leba wanajazana wanafunzi wa vyuo vitatu, mama anayejifungua ni mmoja, anayezalisha ni mmoja, wengine mnashika ukuta. Wiki ya mwisho ndipo watu wanapoanza kusaka saini, na wengine wanasainiwa kazi ambayo...

Hapo mshereheshaji akamfuata na kumpokonya kipaza sauti. "Dada yetu, muda! Tusiwatishe wageni, makofi kwake!" Muda gani? Mheshimiwa mmoja alishaongea karibu saa nzima kuhusu jengo jipya! Binti akashuka anatabasamu kwa shida, na muziki ukafunguliwa.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Chuo kinachoogopa mhitimu wake aseme ukweli kinaficha nini? Ila, nikiwaza vizuri, ni chuo hichohicho kilichomfundisha kuhesabu matone vile.

Nilimfuata nje, chini ya mwembe, nimwombe amalizie. Akacheka: "Kaka, na ukimaliza chuo bado kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Pale hakuna wa kukusainia."

Basi nyota tatu. Mshereheshaji sifuri. Mdogo wangu ameshachukua fomu, na tangu juzi anahesabu matone ya bomba letu bovu la jikoni.