Stika ya bei juu ya onyo la umri

Kwa haraka ya kuleta mzigo siwalaumu wenye duka hili. Niliagiza asubuhi, na kabla ya adhuhuri mtu wa boda alikuwa mlangoni hapa Kisauni. Kwa hilo ningewapa nyota tatu. Lakini kuhusu hicho kichezeo chenyewe nina hasira.

Ni tembo wa plastiki wa kusukuma, mwenye magurudumu manne. Kwenye ukurasa wao wameandika "kuanzia miezi 6", na wakaweka picha ya mtoto ambaye hata kusimama bado. Mwanangu hajatimiza mwaka. Kabla sijampa nikavuta gurudumu kwa vidole, likatoka na pini yake. Nikageuza boksi, nikabandua stika ya bei ya duka, na chini yake ndipo ilipokuwa ile duara yenye uso wa mtoto, mstari umeikata, na 0-3 imeandikwa ndani. Maana yake hakifai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Stika imekaa juu ya onyo sawasawa!

Nikampigia muuzaji. "Dada, hiyo ni ya kiwandani tu, huandikwa kila mahali. Mtoto wako akiwa mjanja atacheza vizuri." Hapo ndipo damu ilipochemka. Kaka, umri huo haupimi akili ya mtoto, unapima koo lake. Mtoto wa umri huo kila kitu hupeleka mdomoni, na kipande kikikwama, hewa haipiti.

Wanaopima vichezeo hutumia mcheduara mdogo wa kipenyo cha milimita 31.7. Kipande chochote kinachozama chote humo bila kubanwa huhesabiwa ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Gurudumu langu nilipima kwa rula: 28, na jembamba. Nyumbani chukua bomba la karatasi ya choo. Ni pana zaidi kidogo, kwa hiyo linakuonya mapema. Na kipande si lazima kiwe kimetengana tangu dukani, kwani katika vipimo vya Ulaya huvutwa kwa nguvu ya niutoni 90, karibu sawa na kubeba kilo tisa. Hili langu lilitoka kwa vidole viwili vya mama.

Tena kitu cha mtoto mchanga hakisalimiki kwa kubandikwa "miaka 3+". Kikiwa wazi kimetengenezwa kwa mtoto mdogo, lazima kiwe salama kwa huyo mdogo. Basi huenda kosa limeanzia kiwandani. Nilitaka kulegea hapo, hata nikafikiri nyota mbili. Lakini stika iliyofunika onyo ni yao, na "miezi 6" wameandika wao.

Nyota moja. Pesa wamerudisha baada ya kusukumana sana, na ukurasa bado una picha ileile. Nepi zao ni rahisi kuliko za Kongowea, lakini hata hizo sinunui kwao mpaka wapige picha upande wa boksi wenye onyo na kuiweka pale watu waione kabla ya kulipa.