Shia ya dhahabu ilivyoigeuza sebule yangu, na ninayotumia sasa

Sebule yangu iko Tabata, na dirisha lake kubwa lenye upana wa mita 2 linatazama magharibi. Mwaka jana nilinunua Kariakoo mita 5 za shia ya dhahabu, kile kitambaa chepesi cha pazia kinachopitisha mwanga, maana nilitaka marinda yaliyoshiba. Dukani, ikiwa imetandazwa kaunta chini ya taa, niliiona kama krimu yenye mng'ao tu. Nikaitundika, na asubuhi ikapendeza kweli. Ilipofika saa 10 alasiri jua likaingia moja kwa moja, ukuta ukawa na rangi ya bizari. Mama mkwe alipomwangalia mtoto akaniuliza, "Huyu haumwi? Mbona macho ya manjano?"

Nilichokuja kuelewa ni kwamba kwenye marinda mwanga hupita tabaka mbili hadi tatu za kitambaa, na kila tabaka huongeza rangi. Halafu jua la jioni lenyewe lina manjano, kwa hiyo nilikuwa naongeza manjano juu ya manjano.

Safari ya pili nilimwomba muuzaji anikatie nusu mita ya nyeupe, ya krimu na ya kijivu hafifu. Nilivikunja mara mbili, nikavibana dirishani na kushika karatasi nyeupe upande wa ndani, nikaangalia saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 na nusu. Krimu ilirudia kosa lile lile. Kijivu ilituliza jua la jioni vizuri sana, lakini asubuhi, dirisha likiwa kivulini, karatasi ilipooza na chumba kikawa kama kuna mawingu. Nyeupe ya maziwa isiyong'aa ndiyo niliyochukua: jioni inabaki na rangi ya asali kidogo, na sura za watu haziharibiki.

Chumba cha watoto ni tofauti. Nje kuna mwembe, na mwanga unaopita kwenye majani huingia na ukijani. Huko krimu ndiyo imefaa, inaupunguza.

Mapazia mazito ni maruni. Bila bitana, ukiyafunga mchana chumba chote kinawaka wekundu. Fundi aliweka bitana nyeupe nyepesi, wekundu ukapungua tu, haukwisha. Tukabadilisha, tukaweka ya krimu iliyo nzito. Siku hizi kabla ya kushona nashika kitambaa na bitana pamoja kuelekea jua, nikiweka mkono nyuma yake. Nikiona kivuli cha vidole, najua rangi itapenya. Faida nyingine ni kwamba bitana ndiyo inayopigwa na jua, hivyo maruni yangu haijapauka.

Shida niliyonayo ni vumbi. Barabara yetu haina lami, na shia nyeupe naifua kila baada ya wiki mbili, la sivyo inaanza kuwa ya udongo na mwanga nao unafuata rangi hiyo.